Anayeshuka Morocco Alipe Shilingi Ngapi?

Wafanyakazi watatu wametoka kazini Posta, Dar es Salaam, usiku umeingia na daladala zimeadimika. Wote wanafuata njia moja: Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kisha ya Bagamoyo. Wa kwanza anashuka Morocco, wa pili Mwenge, wa tatu anakwenda hadi Tegeta. Wanakodi teksi moja kwa shilingi 24,000, na kabla gari halijaondoka mmoja anasema, “Tugawane tu, elfu nane nane.”

Tuseme dereva huyohuyo angempeleka mtu mmoja Morocco kwa 6,000, Mwenge kwa 12,000 na Tegeta kwa hizo 24,000. Basi mgawo wa elfu nane nane umemfanya abiria wa Morocco alipe 2,000 zaidi ya ambazo angelipa akipanda peke yake. Amebanana na wenzake kwenye kiti cha nyuma, na bado ametoa pesa nyingi zaidi. Wa Mwenge naye, ukimtazama pamoja na wa Morocco, hali ni hiyohiyo: wawili hao wangekodi gari lao hadi Mwenge kwa 12,000, lakini sasa wametoa 16,000. Mgawo wowote wa nauli upimwe kwanza hapo. Asiwepo mtu, wala kikundi cha watu ndani ya gari, ambacho kingelipa kidogo zaidi kama kingejitenga. Mgawo ukishindwa kipimo hicho, anayeumizwa atachukua bodaboda yake siku inayofuata, na kuchangia kutakufa.

Njia iliyo sawa ni kuikata safari vipande, na kila kipande kilipwe na wale tu waliokuwa bado ndani ya gari. Kutoka Posta hadi Morocco ni 6,000 na walikuwa watatu: kila mmoja 2,000. Kutoka Morocco hadi Mwenge bei imeongezeka kwa 6,000 nyingine na wamebaki wawili: kila mmoja 3,000. Kutoka Mwenge hadi Tegeta ni 12,000, na mtu ni mmoja. Kwa hiyo wa Morocco anatoa 2,000, wa Mwenge 5,000, wa Tegeta 17,000. Jumla ni 24,000 kamili.

Wa Tegeta huenda akaguna, maana 17,000 si pesa ndogo. Lakini angekuwa peke yake angelipa 24,000. Ameokoa 7,000, sawasawa na alizookoa wa Mwenge. Na kile kipande cha mwisho kinachompandishia hesabu hakuna mwingine aliyekitumia.

Wako watakaosema ni rahisi zaidi kugawa kwa uwiano: chukua nauli ambayo kila mtu angelipa peke yake, 6,000 na 12,000 na 24,000, kisha kila mmoja apunguziwe kwa kiwango kilekile. Wa Morocco atalipa kama 3,430, wa Mwenge 6,860, wa Tegeta 13,710. Hakuna aliyezidishiwa kuliko nauli yake ya peke yake, na hesabu inaonekana ya haki. Lakini tazama kinachotokea abiria wa mwisho akisema haishii Tegeta, anafika Bunju, na nauli nzima ni 36,000. Kwa uwiano, wa Morocco sasa anadaiwa 4,000. Deni lake limepanda kwa sababu ya barabara ambayo gari litaipita yeye akiwa nyumbani. Kwa vipande bado analipa 2,000 yake, hata mwenzake akienda Bagamoyo. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kuuacha uwiano.

Hesabu hii ya vipande ina wanahisabati nyuma yake. Mwaka 1953 Mmarekani Lloyd Shapley, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, alionyesha namna ya kugawa gharama ya pamoja. Wapange wahusika kwa kila mfuatano unaowezekana, tazama kila mmoja anaongeza gharama kiasi gani anapojiunga, kisha tafuta wastani wake. Kwa abiria wetu ipo mifuatano sita. Wa Morocco akitangulia anaongeza 6,000. Akimkuta mwingine tayari yumo, haongezi kitu, kwa kuwa gari lingepita Morocco vyovyote vile. Katika mifuatano sita anatangulia mara mbili, jumla 12,000, na wastani wake ni 2,000. Ukifanya hivyo kwa wawili waliobaki utapata 5,000 na 17,000. Mwaka 1973 Stephen Littlechild na Guillermo Owen walitumia njia hiyo kwa ada za viwanja vya ndege. Ndege ndogo huhitaji njia fupi ya kurukia, kubwa huhitaji ndefu. Basi mita za mwanzo zilipiwe na wote, na mita za ziada na ndege kubwa peke yake.

Ugumu huanza mtu anapotaka kufikishwa mlangoni. Abiria wa Morocco anakaa mtaa wa ndani Kinondoni, na dereva anataka 3,000 za kuingia na kurudi barabara kuu. Pesa hiyo ni yake peke yake, si ya gari zima. Ikigawanywa kwa watatu ataiona kama 1,000 na atakubali mara moja. Akiibeba mwenyewe atakumbuka kwamba pale kituoni ipo bajaji ya 2,000, na wenzake hawatazungushwa mitaani usiku kwa gharama yao.

Yote haya yanahitaji bei ya kila kipande ijulikane kabla ya kuondoka. Muulize dereva, “Kaka, hadi Morocco ni ngapi? Mwenge je? Tegeta je?” Tofauti ya bei moja na inayofuata ndiyo bei ya kipande. Kwenye teksi za kuitwa kwa simu, andika kila kituo kwa zamu na usome makadirio kabla ya kuagiza. Gharama ya kuanzia safari huwa tayari imo kwenye kipande cha kwanza, nayo inalipwa na wote, jambo ambalo ni sahihi. Mkikwama kwenye foleni na bei ikapanda, nyongeza hiyo ni ya waliokuwa ndani wakati huo. Kisha kila anayeshuka ampe fungu lake yule wa mwisho palepale, taslimu au kwa simu, kwa maana wa mwisho ndiye atakayesimama mbele ya dereva na deni lote.

Gari likiwa la mwenzenu anayerudi kwake Tegeta, dereva naye ni abiria wa mwisho na kinachogawanywa ni mafuta. Ajaze tangi, asome kilomita, aendeshe siku zake za kawaida, ajaze tena na agawe kilomita kwa lita. Afanye hivyo kwenye foleni halisi za jioni, si kwenye safari ya Morogoro. Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, njia ni kilomita 25 na lita ni 3,000: mafuta ni 7,500. Morocco ikiwa kilomita ya 6 na Mwenge ya 11, wa kwanza anachangia 600, wa pili 1,350, na mwenye gari anabaki na 5,550. Mkikubaliana, ongezeni kidogo kwa ajili ya oili na matairi. Ila michango ikizidi gharama na kuanza kumpa faida, hiyo sasa ni biashara ya kubeba abiria. Itamdai leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi huenda isimlipe siku ya ajali.