Siku 21 Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, mji wa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu 315 waliugua, na katika kila kumi walikufa wanane. Baadaye watafiti walizirudia kaya 27 zilizokuwa na mgonjwa. Walitaka kujua jambo moja: kati ya watu 173 walioishi nyumba moja na wagonjwa wa kwanza, wangapi waliugua baada yao? Walikuwa 28, yaani asilimia 16.

Hesabu hiyo ndiyo kiwango cha maambukizi ya pili. Unachukua waliougua baada ya mgonjwa wa kwanza, unawagawanya kwa wote walioweza kuambukizwa naye. Mgonjwa wa kwanza mwenyewe hahesabiwi.

Lakini asilimia 16 ya Kikwit inaficha jambo kubwa kuliko inavyofichua. Kati ya watu wale 173, 78 hawakumgusa mgonjwa kabisa alipokuwa akiugua, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Wote 28 walioambukizwa walitoka miongoni mwa 95 waliomgusa, kwa hiyo kwa waliogusa hatari ilikuwa karibu watatu katika kila kumi. Ilizidi kwa waliogusa matapishi, damu au choo, na kwa waliougusa mwili wa marehemu. Ebola ilimfuata yule aliyemwosha mgonjwa, aliyemlisha na kumbadilishia shuka. Inauma kusema hivyo, maana ndani ya nyumba zetu huyo ndiye mwenye upendo kuliko wengine. Ndiyo sababu mfuatiliaji hatosheki na swali la nani analala wapi. Anauliza nani alimgusa mgonjwa, alimgusaje, na siku ya mwisho ilikuwa lini.

Tuchukue kaya ya mfano, ya watu 11. Mama anaanza homa tarehe 3 Machi, na shemeji yake anaanza tarehe 4. Wiki moja nyuma wote wawili walikuwa kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa Ebola, wakaugusa mwili wake. Tarehe 9 wanapelekwa kituo cha matibabu. Baba yuko safarini tangu Februari, na mfuatiliaji anamwomba asirudi kwanza. Binti anaugua tarehe 15, mdogo wake wa kiume tarehe 17, na bibi tarehe 4 Aprili.

Mtu mwenye haraka atasema wagonjwa ni watano kati ya 11, karibu nusu ya nyumba. Hesabu hiyo haitufundishi kitu. Shemeji hakuambukizwa na mama, kwa sababu Ebola huchukua angalau siku mbili tangu iingie mwilini hadi dalili zitokee, naye aliugua siku moja tu baada yake. Hao wawili walitoka na ugonjwa msibani, kwa hiyo wote ni wagonjwa wa kwanza. Baba naye hakuwapo, na mtu asiyekuwapo hawezi kuhesabiwa miongoni mwa walionusurika. Wanabaki wanane. Binti na mdogo wake waliugua siku sita na nane baada ya wagonjwa kuondolewa, muda unaolingana kabisa na ugonjwa huu. Wawili kati ya wanane ni asilimia 25.

Na bibi? Hapo ndipo karantini inapoingia.

Tangu kirusi kiingie mwilini hadi homa ya kwanza kuna kipindi ambacho ugonjwa umelala, na wataalamu hukiita kipindi cha uatamizi. Ili kukijua, hutafutwa wagonjwa ambao siku yao ya kuambukizwa inajulikana kwa uhakika, kama mtu aliyehudhuria mazishi mara moja tu. Siku zao hupangwa kuanzia fupi hadi ndefu. Kwa Ebola, wengi huugua kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili. Takwimu za Shirika la Afya Duniani kutoka Afrika Magharibi mwaka 2014 zilionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100, 95 hivi walikuwa wameshaanza dalili kufikia siku ya 21. Wachache walichelewa zaidi, na baadhi ya hao huenda waliikosea tu tarehe waliyoambukizwa.

Kwa nini basi tusingoje siku 30? Hapa hesabu zile mbili zinakutana. Chukua watu 1,000 walioishi na wagonjwa, kwa kiwango cha Kikwit. Watakaoambukizwa ni 160. Kufikia siku ya 21, 152 kati yao watakuwa wameshaugua na kuondolewa, wabaki wanane wanaoweza kuugua baada ya kuachiwa. Ili kuwanasa hao wanane, ungewazuia zaidi ya watu 800 siku tisa nyingine bila shamba wala biashara. Watu wakibanwa hivyo huanza kutoroka na kuficha homa, na mtu mmoja aliyejificha huleta madhara kuliko hao wanaochelewa kuugua. Kwa maoni yangu siku 21 ni mapatano ya busara, ila ni mapatano, si ukuta. Haki yake ni kwamba mwenye nyumba aambiwe hivyo waziwazi, na siku ya 22 apewe namba ya kupiga akihisi homa.

Turudi kwa bibi. Mama aliondoka tarehe 9 Machi. Tarehe hiyo ni sifuri, na siku ya 21 inaangukia tarehe 30 Machi. Lakini binti alipougua tarehe 15, nyumba ilimficha siku nne kwa hofu, bibi akimkanda maji. Alichukuliwa tarehe 19 pamoja na mdogo wake. Kwa wote waliowagusa watoto hao, sifuri sasa ni tarehe 19, na mwisho ni tarehe 9 Aprili. Bibi aliugua tarehe 4 Aprili, siku 26 baada ya mama kuondoka lakini 16 tu baada ya binti. Karibu hakika alipata ugonjwa kwa mjukuu wake, kwa hiyo yeye ni kizazi cha tatu cha maambukizi na haingii katika wale wawili. Kama saa isingeanzishwa upya, angeachiwa tarehe 30, na siku ya tano angeshikwa na homa akiwa sokoni au kwa dada yake.

Kosa hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa karatasi ya mfuatiliaji hujazwa mara moja na tarehe haiguswi tena. Dalili yake ni rahisi kuiona: mtu anaugua wakati jina lake limeshafutwa kwenye orodha. Dalili nyingine ni mgonjwa mpya ambaye hakuwahi kuorodheshwa popote. Kila anapotokea mmoja wa namna hiyo, kuna mgonjwa mwingine nyuma yake ambaye hajaonekana.

Jambo moja huipa kazi hii nafasi ya kufaulu. Mtu mwenye Ebola haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza, na ndugu yake Marburg ana tabia hiyohiyo. Kwa hiyo kipimajoto mara mbili kwa siku, na mtu kuondolewa saa ileile homa inapopanda, hutosha kukata mnyororo. Ndivyo ilivyofanyika Kagera mwaka 2023. Marburg ilitangazwa tarehe 21 Machi, zaidi ya watu 200 waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa kwa siku 21, wagonjwa wakaishia tisa, na sita kati yao wakafariki. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Hizo ni 21 mara mbili, muda wa kutosha kwa mtu mmoja aliyesahaulika kuugua, na kwa aliyemwambukiza naye kuonekana.