Ndoo Mbili, Nafasi 60

Chama cha mamangu pale Mtongwe kina wanawake 14. Kila mzunguko mpya unapoanza, namba 1 hadi 14 huandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya bakuli la plastiki, na mtoto asiyejua kusoma akaitwa aokote. Lakini kabla mtoto hajaingiza mkono, mweka hazina hulimimina bakuli mkekani na vikaratasi vikahesabiwa mbele ya wote, kimoja kimoja. Hata wenye haraka ya kwenda kupika husubiri. Nilipokuwa mdogo niliona ni kupoteza wakati. Siku hizi naamini kwamba ile hesabu ndiyo kura yenyewe, na kuokota ni kumalizia tu.

Nilikikumbuka chama hicho kwa sababu ya mwanangu. Mwaka aliotakiwa kuingia Gredi ya Kwanza, nilitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye lango la shule moja ya umma hapa Likoni. Nilikuwa mtu wa 19. Saa tatu asubuhi mlinzi akatoka akasema nafasi zimejaa. Zimejaa vipi, na mstarini hajaingia hata mmoja? Wiki mbili baadaye nikamwona mtoto wa jirani amevaa sare ya shule ile. Babake hakupanga foleni. Alikuwa na barua ya mtu. Simlaumu. Ningekuwa na barua kama ile, nami ningeipeleka.

Tatizo hili lina mzizi wa kisheria ambao wazazi wengi hawaujui. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya kumwandikisha mtoto, na inakataza kumpa mtihani wa kumchuja. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua aanzie darasa gani. Ni sheria njema, kwa sababu mtoto wa miaka sita hana la kutahiniwa, na elimu ya msingi ya umma haipaswi kuuzwa langoni. Lakini sheria ilipoondoa bei na mtihani, haikusema mwalimu mkuu afanye nini watoto wakiwa 210 na viti ni 90. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, na wanafunzi nchini wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, swali hilo limekuwa likijibiwa langoni kwa njia mbili: foleni na kujuana.

Foleni inaonekana haki kwa sababu kila mtu anaiona. Lakini foleni humpima mzazi. Mama anayefanya kazi ya nyumba kule kisiwani, ambaye lazima awe amevuka feri kabla jua halijachomoza, hawezi kusimama langoni hadi saa tatu. Aliye na dada wa kumshikia mahali ataweza. Mtoto wa huyu wa kwanza ana kosa gani?

Ndiyo maana naitetea kura. Kuna watakaosema kura ni kamari, na mtaani kwetu neno hilo ni zito, kwa hiyo lisipitwe hivi hivi. Kamari ina dau: unaweka chako ukitaraji kuchukua cha mwenzio. Hapa hakuna aliyeweka kitu. Waliosoma madrasa wanakumbuka kisa cha Bibi Maryam, jinsi kalamu zilivyotupwa kuamua nani atamlea, na wanajua kwamba Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze. Kura ni ya watu waliolingana haki katika kitu kisichogawanyika. Ila shule ikianza kutoza fomu shilingi mia mbili, hapo itakuwa imeisogeza kamari karibu, na imevunja sheria juu yake.

Sasa tuifanye hiyo kura, kwa shule ya mfano yenye viti 90 na fomu 210. Kwanza wanatolewa wasiopaswa kuachiwa bahati. Tuseme watoto 6 wana ulemavu na shule hii ndiyo yenye mwalimu wao, na 24 wana ndugu anayesoma hapo tayari. Hawa 30 wanapewa viti. Habari ya ndugu ina ubishi, maana inazipendelea familia zilizokwisha kuingia, lakini kumtuma mtoto mmoja Shika Adabu na mdogo wake Timbwani kila asubuhi ni adhabu kwa mama, nami ningeiacha kanuni hiyo ibaki. Vinasalia viti 60 na watoto 180. Kila mtoto ana bahati moja katika tatu.

Hapo ndipo inapokuja hesabu ya mkekani. Orodha ya watoto 180 inafungwa siku iliyotangazwa, inapewa namba, na inabandikwa ukutani kwa wiki nzima kabla ya kura. Wiki hiyo ina kazi kubwa. Mzazi aliyejaza fomu mbili, moja kwa jina la babu na nyingine kwa jina la baba, hupandisha bahati ya mtoto wake kutoka 33 katika mia hadi karibu 56, na ziada hiyo inatoka kwa watoto wengine. Kwenye orodha iliyobandikwa majirani watamwona. Kwa hiyo namba ya cheti cha kuzaliwa iandikwe kwenye kila fomu, na karani azipange namba hizo kwa mfuatano kabla ya kubandika orodha. Cheti kilichoingia mara mbili kitajionyesha chenyewe.

Mapacha waamuliwe wiki hiyo hiyo. Wakipewa karatasi mbili, basi karibu mara 45 katika mia mmoja ataingia na mwenzake abaki nje. Kuingia wote wawili ni kama mara moja katika tisa. Wakipewa karatasi moja ya pamoja, wataingia wote au watakosa wote, na bahati yao inakuwa ile ile moja katika tatu ya wenzao. Mimi nashika karatasi moja. Iandikwe mapema pia kwamba pacha wakiangukia kiti cha mwisho, shule itaongeza kiti kimoja, ili siku yenyewe asitokee wa kubishana.

Kuokota kwenyewe kuna mtego ambao hata dola kubwa iliuingia. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilipiga kura ya kuamua vijana gani waitwe jeshini kwanza. Tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa kwenye vidonge vya plastiki, mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari. Desemba iliingia mwisho na chombo hakikuchanganywa vya kutosha, kwa hiyo tarehe za Desemba zilibaki juu. Kati ya siku zake 31, siku 26 ziliangukia nusu ya kwanza, ya watakaoitwa mapema. Hakuna aliyekusudia kuiba. Karatasi hazikukorogwa tu.

Mwaka uliofuata walitumia vyombo viwili, na hilo tunaliweza kwa ndoo za kuchotea maji. Ndoo ya kwanza ina namba za fomu, 1 hadi 180. Ya pili ina nafasi, 1 hadi 180. Mtoto mmoja anaokota huku, mwingine kule, na mwalimu anasoma kwa sauti: fomu 74, nafasi 12. Ndoo moja ikikorogwa vibaya, ya pili inarekebisha. Karatasi zote zikatwe kwenye manila moja, kwa ukubwa mmoja, zikunjwe sawa, na zihesabiwe mbele ya wazazi kabla ya kuanza. Kwa nusu dakika kila jozi, kazi itachukua saa moja na nusu.

Naibu mwalimu mkuu mmoja aliniambia tarakilishi ingeimaliza kwa dakika moja. Ni kweli, lakini aliyewahi kuandika =RAND() kwenye jedwali anajua kwamba kila ukigusa seli, namba zote hubadilika. Mtu akiwa peke yake ofisini anaweza kuendelea kubonyeza hadi mtoto wa mheshimiwa apande juu, na karatasi itakayochapishwa itaonekana safi kabisa. Ndoo mbele ya watu mia mbili hairudiwi.

Ikiisha, mzazi yeyote mwenye penseli anaweza kuipima. Katika fomu 90 za kwanza, zile zilizowahi kurudishwa, ni ngapi zimepata kiti? Tunatazamia 30. Kati ya 24 na 36 ni kawaida ya bahati. Zikiwa 45, basi karatasi hazikukorogwa, au kuna mkono.

Walio wengi wangesimamisha kura pale viti vinapojaa, na hapo ndipo barua zingerudi. Wote 180 waokotwe mpaka wa mwisho. Ndani ya wiki za kwanza za Januari kuna watakaohamia Kwale, watakaopata shule ya kibinafsi, na wasiotokea kabisa. Kila kiti kinachoachwa kina mwenyewe tayari, na huyo ni nafasi ya 61, kisha 62. Kusipokuwa na namba 61 ukutani, kiti kile hujazwa kwa simu, usiku, na kura yote iliyopigwa mchana inakuwa pazia.

Kura ya namna hii imewahi kupigwa Kenya kwa ukubwa wa nchi nzima. Ufadhili wa kusoma katika shule za kibinafsi za Bridge ulipoombwa na wengi kuliko uliokuwepo, waliopata walichaguliwa kwa bahati, na watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, waliwafuatilia zaidi ya watoto 10,000. Shule hizo zimepingwa vikali, na chama cha walimu KNUT kimekuwa mstari wa mbele, nami siziandikii tangazo. Ninachokitazama ni kwamba waliokosa na waliopata walianza wakiwa watoto wa hali moja, kwa hiyo tofauti iliyoonekana baada ya miaka miwili, karibu mwaka mmoja zaidi wa masomo kwa wale wa msingi, haikuweza kusingiziwa wazazi wenye bidii. Pale watoto wanapoingia kwa barua, hakuna awezaye kujua shule imewafundisha nini na nyumbani wamekuja na nini.

Mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu, niliyemweleza haya kibarazani kwake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, mimi ningeipenda kura kuliko wewe. Siku za kuandikisha simu yangu nilikuwa naizima. Diwani anataka watatu, mfadhili wawili, shemeji yangu mmoja. Kura ingenipa la kuwajibu." Akanyamaza kidogo. "Lakini wale 120 wanaobaki nje, nao utawajibu nini?"

Sikuwa na la kumjibu, na ndoo hazina. Kura haijengi darasa. Inachoweza kufanya ni kuandika wazi kwamba watoto 120, kwa namba zao, waliomba shule hii na wakakosa, na karatasi hiyo ikipelekwa kwa ofisi ya elimu ofisi hiyo haiwezi kusema kwamba shule haina upungufu. Foleni yetu ya alfajiri haikuacha karatasi. Nilipokuwa mtu wa 19, hakuna aliyeandika kwamba nilikuwepo.

Mwanangu alipata shule nyingine, ng'ambo ya barabara kuu ya Ukunda, na kila asubuhi mamangu humvusha. Wakipita mbele ya lango lile, husimama kidogo kungoja magari yapungue.