Kumtoa Msemaji Mmoja Kwenye Zogo la Kikao

Kikao cha ukoo kimerekodiwa kwa simu iliyowekwa mezani. Shangazi anapotaja mipaka ya shamba, mjomba anamkatiza, na maneno yanagongana pale pale panapotakiwa kwenye muhtasari.

Usiipe programu rekodi nzima. Kata kipande cha sekunde 10 hivi penye mgongano, kihifadhi kama WAV, kisha kipitishe kwenye SepFormer, modeli ya bure iliyomo ndani ya SpeechBrain. Ile iitwayo `sepformer-whamr` imefunzwa kwa sauti zenye kelele na mwangwi, kwa hiyo inavifaa vyumba vyetu vya bati na saruji. Utapata faili mbili, kila moja na msemaji wake. Yupi ni shangazi? Modeli haijui, utamtambua wewe kwa sikio.

Kipande kikiwa kirefu, wasemaji huweza kubadilishana faili katikati: shangazi anaanza sentensi kwenye ya kwanza, anaimalizia kwenye ya pili. Na wakisema watatu kwa mpigo, wawili watabanwa kwenye faili moja, maana modeli hii inatenganisha wawili tu.

Kuna hasara nyingine. Modeli hufanya kazi kwa 8 kHz, kama simu za zamani, hivyo sauti zilizo juu ya 4 kHz hupotea na "s" huanza kusikika kama "f". Jina au idadi ya ekari ikiwa na utata, sikiliza tena rekodi ya awali kabla ya kuandika, na usiifute.