Kaka anapoomba milioni sita

Tumchukue muuguzi mmoja wa Dodoma. Kaka yake mkubwa, mkulima wa Korogwe, anataka kununua mashine ya kusaga nafaka na amepungukiwa shilingi milioni 6. Anaahidi kuzirudisha baada ya mavuno mawili. Kaka huyu ndiye aliyemlipia muuguzi ada ya sekondari. Lakini mshahara wa dada unakatwa mkopo wa benki kila mwezi, na akiba aliyonayo ni ada ya watoto wake.

Wengi wetu hapo husema "ngoja nione". Jibu hilo huumiza kuliko kukataa. Kaka akilisikia anamwendea muuza mashine na kutanguliza laki tano, halafu anaacha kutafuta kwingine. Miezi miwili baadaye, anapoambiwa haiwezekani, ameshapoteza fedha na wakati, na kosa atalihesabu kuwa la dada yake. Kwa hiyo jibu litoke ndani ya siku chache.

Litoke kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp. Kwenye simu anayekataa hubanwa: basi nipe nne, basi hata mbili. Barua humpa kaka nafasi ya kuisoma tena hasira ikishapoa. Ila barua huzunguka: wifi ataiona, mama atasomewa. Kila sentensi iandikwe kana kwamba mama anasikiliza. Yaweza kuwa hivi:

"Shikamoo kaka. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na mama anaendelea vizuri na dawa zake. Tangu uliponipigia Jumapili nimekuwa nikilifikiria ombi lako la milioni 6 za mashine. Kaka, sitaweza kukukopesha fedha hizo, wala sehemu yake. Mshahara wangu bado unakatwa mkopo wa benki, na akiba niliyonayo ni ada ya watoto. Nimeona nikwambie mapema ili usiniweke kwenye hesabu zako. Sijasahau kwamba mimi nilisoma kwa jasho lako, na kukujibu hivi kumeniwia vigumu. Mwisho wa mwezi nitakutumia laki mbili. Hizo si mkopo, usizirudishe. Nitakupigia Jumamosi, nataka kujua mahindi yamefikia wapi. Mdogo wako."

Maneno mazito humo ni "wala sehemu yake". Bila hayo, jibu la kwanza litakuwa ombi la milioni 3. Sababu iliyotolewa ni ya kweli, na haitabadilika wiki ijayo. Angesema "mwezi huu nimekwama", angekuwa amemwalika kaka arudi mwezi ujao. Angesema "mume wangu hataki", shemeji angebeba lawama kwa miaka, tena kwa jambo ambalo huenda hakuulizwa. Vilevile hakuikosoa biashara yenyewe. Akisema kijijini pale mashine hailipi, mazungumzo yanageuka mabishano ya faida na hasara, na kaka akimjibu hoja zote, dada hana tena pa kusimama.

Zile laki mbili zitajwe tu kama zipo na anaweza kuzisahau kabisa. Kama hazipo, sentensi hiyo ifutwe. Ahadi ndogo isiyotimizwa itaibua upya kidonda cha ile kubwa.

Kuna ombi la pili ambalo huja nyuma ya hili, na watu hulikubali kwa sababu ya aibu: "Basi nidhamini kwenye SACCOS." Mdhamini hatoi fedha siku hiyo, lakini mkopaji akishindwa kulipa, chama kinaweza kuzikata akiba za mdhamini. Asiyeweza kupoteza milioni 6 kwa kukopesha hawezi kuzipoteza kwa kudhamini pia, basi aamue hilo kabla hajatuma barua.

Badala yake, siku ya kupiga simu dada anaweza kuuliza kama wifi yumo kwenye kikundi cha wanawake. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa kikundi, kwa hiyo mashine haitakuwa ya kaka peke yake, na huenda asiipende njia hiyo. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Simu ya Jumamosi ipigwe kweli, na ianze na mahindi. Kaka akinuna, dada asikilize bila kuanza upya kujieleza, kisha aombe kusalimiana na mama. Na habari hii asiwapelekee ndugu wengine, hata wale watakaomuunga mkono. Kaka atasamehe kunyimwa fedha mapema zaidi kuliko kusikia kwamba shida yake imejadiliwa na ukoo mzima.