Lundo linapojaa: kumsaka mla kumbukumbu ndani ya Java

Saa nne usiku, huduma ya kutafuta nauli za mabasi inakufa. Kwenye kumbukumbu za seva kuna mstari mmoja ambao kila anayeandika Java ameshauona:

```
java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space
```

Chini yake kuna orodha ya majina ya kodi, na la juu kabisa ni la sehemu inayochora tiketi ya abiria. Fundi wa zamu anaiwasha huduma upya, inapona, na yeye anarudi kulala. Siku 3 baadaye inakufa tena. Mara hii jina la juu si la tiketi, ni la sehemu inayosoma majibu kutoka hifadhidata.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini ugonjwa wenyewe upo sana, na kinachopotosha zaidi ni lile jina la juu. Daladala ikishajaza, anayefokewa ni abiria anayening'inia mlangoni, ilhali nafasi imeliwa na magunia yaliyopakiwa tangu kituo cha kwanza. Java nayo humtaja aliyekuwa akiomba nafasi pale ilipokwisha. Magunia ni ya nani, haisemi.

Programu ya Java inapoanza hupewa eneo la kumbukumbu la kuwekea vitu vyake, na eneo hilo ndilo lundo. Lina ukomo, katika mfano huu ni gigabaiti 2. Mwandishi wa programu huumba vitu bila kuvifuta, kwa sababu yuko mzoataka anayepita mara kwa mara kuviondoa visivyohitajika. Mzoataka huyu hajui nini kinahitajika. Anachojua ni kufuata kamba: huanzia kwenye mizizi michache, kama vile nyuzi za kazi zinazoendelea na vigezo tuli vya programu, akafuata kila kitu kilichoshikwa na kingine. Alichokifikia anakiacha, asichokifikia anakizoa. Kitu kilichosahauliwa na kila mtu, lakini bado kimefungwa kamba mahali fulani, kwake ni kizima.

Ndiyo maana neno "kuvuja" halikai sawasawa hapa. Hakuna kinachotoka, kuna kisichoachiwa.

Dalili yake huonekana kwenye mchoro wa matumizi ya kumbukumbu. Huduma yenye afya huchora meno ya msumeno: matumizi yanapanda, mzoataka anapita, yanashuka hadi palepale. Inayovuja huchora meno ambayo kila yakishuka hayafiki chini yalikofika jana. Kuongeza lundo kunasogeza tu siku ya msiba. Katika mfano wetu fundi alilifanya gigabaiti 4, na huduma ikaanza kufa kila baada ya siku 6.

Cha kufanya ni kuipata nakala ya lundo lenyewe, yaani faili linaloonyesha kila kitu kilichokuwemo na kamba zote baina yao. Java huitoa yenyewe wakati wa kuanguka, mradi imeagizwa mapema:

```
java -Xmx2g -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError \
     -XX:HeapDumpPath=/var/dumps -jar nauli.jar
```

Mambo mawili huwakwaza watu hapa. Faili hilo linaweza kukaribia ukubwa wa lundo, kwa hiyo diski lazima iwe na nafasi. Tena limebeba kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu, yakiwemo manenosiri na namba za simu za abiria. Kulirusha kwenye kikundi cha kazi ili "wataalamu waangalie" ni kugawa siri za wateja. Isitoshe, mfumo wa uendeshaji ukiiua programu wenyewe kwa kuzidisha kumbukumbu ya mashine, Java haipati hata nafasi ya kuandika chochote, na nakala haitapatikana.

Faili letu lilifunguliwa kwa Eclipse Memory Analyzer, programu ya bure inayotumika sana kwa kazi hii. Anayeanza hukimbilia orodha ya aina za vitu, naye hukuta `byte[]` na `String` zikiongoza. Karibu kila programu ya Java iko hivyo, kwani maandishi yamo kila mahali. Orodha hiyo inaonyesha kilichojaa bila kusema kimeshikwa na nani.

Jibu liko kwenye ukurasa wa `Dominator Tree`. Humo kila kitu kina vipimo viwili. `Shallow Heap` ni uzito wa kitu peke yake. `Retained Heap` ni kiasi ambacho kingeachiwa kama kitu hicho kingeondolewa pamoja na vyote vinavyoning'inia kwake peke yake. Msumari hauna uzito, lakini ukiung'oa makoti yote yaliyotundikwa juu yake yanaanguka. Hapa kwenye tawi zito kuliko yote kulikuwa na `ConcurrentHashMap` yenye uzito wa baiti 64, imeshikilia gigabaiti 1.5.

Kwa kubofya `Path to GC Roots`, kamba ilionekana yote: ramani hiyo imeshikwa na kigezo tuli `HIFADHI` ndani ya `HudumaYaNauli`. Ni hifadhi ya majibu, iliyowekwa ili nauli iliyotafutwa dakika moja iliyopita isiulizwe tena hifadhidata. Wazo zuri. Njia za mabasi ni 60, tiketi huuzwa kwa siku 30 zijazo, basi ramani ilitakiwa iwe na majibu 1,800. Ilikuwa na zaidi ya milioni 3.

Ilipofunguliwa, ufunguo mmoja ulisomeka Dar es Salaam, Mbeya, tarehe 14. Mwingine, vivyo hivyo. Na mwingine. Maelfu ya funguo zenye maneno yaleyale, kila mmoja na jibu lake. Kodi ya ufunguo ilikuwa hivi:

```java
class UfunguoWaNauli {
    String kutoka, kwenda;
    LocalDate siku;
}
```

Kilichokosekana ni njia mbili, `equals` na `hashCode`, zinazoifundisha Java kwamba funguo mbili zenye maneno sawa ni ufunguo mmoja. Bila hizo Java hulinganisha utambulisho wa kitu, si kilichomo. Kila abiria alipotafuta, ufunguo mpya uliumbwa, ramani ikasema haiujui, hifadhidata ikaulizwa, na jibu likawekwa mahali papya ambapo hakuna atakayelifikia tena. Kwa hiyo hifadhi hiyo haikuwa imemsaidia abiria hata mmoja tangu iandikwe. Majaribio hayakuigundua kwa sababu majibu yalikuwa sahihi siku zote.

Tiba ilikuwa mstari mmoja. Tangu Java 16 ipo `record`, inayojiwekea njia hizo mbili:

```java
record UfunguoWaNauli(String kutoka, String kwenda,
                      LocalDate siku) {}
```

Wiki moja baadaye ilichukuliwa nakala nyingine, safari hii huduma ikiwa hai, kwa amri ya `jcmd` ambayo huisimamisha kidogo wakati faili linaandikwa. Ramani ilikuwa na majibu 2,220. Si 1,800, maana kila siku iliyopita iliacha majibu yake 60 ambayo hakuna anayeyatafuta tena. Kwa kasi hiyo lundo lingechukua miaka mingi kujaa, lakini aliyekuwa anaisoma nakala hakutaka kuliacha hivyo. Akaongeza kazi ndogo inayofuta tarehe za jana kila usiku, kisha akalifuta na faili lenyewe, lililokuwa bado na namba za simu za abiria.