Kufika Bila Kupitiliza

Kikaushio cha embe kimetulia kwenye nyuzi 50. Mwendeshaji anabonyeza kidhibiti joto na kupandisha lengo hadi nyuzi 60. Baada ya dakika mbili joto limeshafika 60, lakini halikomi hapo. Linaendelea kupanda hadi karibu 61, kisha linarudi taratibu. Mafundi huita tabia hii kupitiliza. Kwa vipande vya embe nyuzi moja si balaa, ingawa joto likizidi mapema ngozi ya kipande hukauka na kufungia maji ndani. Kwenye mitambo mingine, ambako bidhaa huharibika mara tu joto linapopita kiwango, sehemu hiyo ya kumi ya safari ndiyo hasara yenyewe.

Dawa ambayo mkono wa fundi huikimbilia ni kupunguza ukali wa kidhibiti. Kupitiliza kunaisha, kila mtu anafurahi. Kisha mlango unafunguliwa, trei za embe mbichi zinaingia, joto linaanguka na linachukua muda mrefu mno kurudi. Tatizo moja limebadilishwa kwa jingine, na halikuwa na haja ya kuwa hivyo, kwa sababu namna mtambo unavyofuata lengo jipya na namna unavyopambana na misukosuko ni mambo mawili yanayoweza kurekebishwa kila moja peke yake. Isaac Horowitz alizungumzia mifumo ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1963, na wahandisi huiita udhibiti wenye digrii mbili za uhuru. Jina ni zito kuliko kazi yenyewe. Katika kidhibiti cha kawaida, kazi yote ni kuzidisha namba moja mahali pamoja.

Tukipige hesabu kikaushio hiki tuone. Kila asilimia 1 ya nguvu ya hita, ikiachwa kwa muda wa kutosha, hupandisha joto la ndani kwa nyuzi 2 juu ya joto la chumba. Chumba kina nyuzi 26, kwa hiyo kukaa kwenye 60 kunahitaji asilimia 17 ya nguvu. Kikaushio ni kizito kidogo: ukibadilisha nguvu, huchukua dakika kumi kukamilisha takriban theluthi mbili ya mabadiliko yake.

Kidhibiti kina sehemu mbili. Ya kwanza hutazama pengo lililopo sasa hivi kati ya lengo na joto, na kwa kila nyuzi moja ya pengo hutoa asilimia 5.5 ya nguvu. Ya pili ni limbikizo: kila sekunde, kwa kila nyuzi moja ya pengo, huongeza asilimia 0.03 kwenye akiba yake. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye haraka. Ya pili ndiyo inayohakikisha kwamba mwishowe pengo linakuwa sifuri, kwa sababu haiachi kuongeza au kupunguza mpaka pengo liishe.

Sasa lengo linaruka kutoka 50 hadi 60. Sehemu ya kwanza inaisukuma hita kwa asilimia 55 papo hapo, na joto linapanda kwa kasi. Wakati huohuo limbikizo nalo linajaza akiba. Joto linapogusa 60, baada ya sekunde 120, akiba imeongezeka kwa asilimia 12.5. Lakini kukaa kwenye 60 badala ya 50 kunahitaji nyongeza ya asilimia 5 tu. Ile asilimia 7.5 iliyozidi itaondokaje? Limbikizo hupunguza akiba yake kwa njia moja pekee: pengo ligeuke, joto likae juu ya lengo kwa muda. Kwa hiyo joto lazima lipitilize. Kilele chake ni nyuzi 60.9, kwenye sekunde ya 220.

Jambo hili huwashangaza hata wanafunzi wa uhandisi, kwa sababu kidhibiti hiki hakiyumbi hata kidogo. Namba zake zimechaguliwa ili kikisukumwa kirudi mahali pake bila kupepesuka. Kupitiliza hapa hakutokani na ukali uliokithiri. Kunatokana na kwamba lengo jipya linaingia kwa nguvu katika sehemu zote mbili kwa wakati mmoja: ya kwanza inafanya kazi yote ya kusukuma, na ya pili inakusanya akiba ya kazi ambayo tayari imefanywa na mwenzake.

Tiba ni kuliruhusu lengo liingie kwa sehemu tu katika ile sehemu yenye haraka. Badala ya kulipima joto dhidi ya lengo zima, sehemu ya kwanza hulipima dhidi ya lengo lililozidishwa kwa namba `b`, kati ya 0 na 1. Hiyo ndiyo inayoitwa uzito wa lengo. Katika programu ya kidhibiti, ambamo `r` ni lengo, `y` ni joto lililosomwa na `u` ni nguvu ya hita, ni hivi:

```
I = I + Ki*(r - y)*dt
u = Kp*(b*r - y) + I
```

Angalia mstari wa kwanza: humo `b` haimo. Limbikizo lazima lione lengo zima, la sivyo mtambo utatulia mahali pasipotakiwa.

Weka `b` kuwa 0.545. Lengo likiruka nyuzi 10, msukumo wa mwanzo sasa ni asilimia 30 badala ya 55. Limbikizo nalo limepewa kazi ya kweli: mpaka mwisho wa safari linatakiwa liwe limeongeza asilimia 30, yaani ile 5 ya kukaa kwenye 60 na nyingine 25 za kufidia kile ambacho sehemu ya kwanza imenyimwa. Kila kinachokusanywa kinahitajika, hakuna ziada ya kumwaga. Joto linapanda, linakaribia 60 na kutulia bila kupita. Tena, likihesabiwa tangu lengo lilipobadilishwa hadi joto kubaki ndani ya sehemu ya tano ya nyuzi, linachukua sekunde 390, wakati lile lililopitiliza lilichukua kama 510. Ukishusha `b` hadi 0, kupitiliza pia hakupo, ila safari inafikia karibu sekunde 580.

Namba 0.545 haikuokotwa. Gawanya 5.5 kwa 0.03 upate sekunde 183, ambao ni muda wa limbikizo. Mtambo huu ukiwa umefungwa na kidhibiti chake una kasi ya asili ya sekunde 100. Mia moja kwa 183 ni 0.545. Fundi asiye na hesabu za mtambo wake anaweza kuanzia 0.5 na kusogeza kidogo kidogo huku akitazama mchoro wa joto.

Na mlango ukifunguliwa? Tuseme trei mbichi zinanyonya joto sawa na asilimia 20 ya nguvu ya hita. Lengo halijabadilika, kwa hiyo `b*r` imesimama palepale, na kinachobadilika kwenye hesabu ni joto peke yake. Kidhibiti hakina namna ya kujua `b` ni ngapi. Joto linaanguka kwa nyuzi 2.45, na baada ya dakika kumi limebaki chini kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, iwe `b` ni 1, 0.545 au 0. Uthabiti wa mfumo nao haukuguswa.

Linganisha na yule aliyechagua kudhoofisha limbikizo mpaka muda wake ukawa sekunde 600. Akibadilisha lengo, mchoro wake unapendeza kuliko yote: joto linapanda haraka na halipitilizi. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana jaribio la kubadilisha lengo ndilo jaribio pekee wanalofanya. Trei zilezile zikiingia kwake, joto linaanguka kwa nyuzi 2.86, na baada ya dakika kumi bado liko chini kwa karibu nyuzi moja na nusu. Kikaushio hubadilishiwa lengo mara chache kwa siku, lakini mlango hufunguliwa kila mara.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fanya majaribio mawili. Badilisha lengo, kisha, mtambo ukishatulia, usumbue kwa mlango. Ikiwa joto linapitiliza kwenye jaribio la kwanza tu, uzito wa lengo ndio dawa. Ikiwa linayumba juu na chini hata baada ya mlango, kidhibiti chenyewe kimekosewa, na hakuna `b` itakayokiponya.

Kuna mtego mmoja unaostahili maelezo. Kwenye nyuzi 60, sehemu ya kwanza yenye `b` ya 0.545 inatoa hasi 150, kwa hiyo limbikizo linapaswa kubeba 167 ili jumla iwe 17. Waandishi wengi wa programu huliwekea limbikizo ukomo wa 0 hadi 100, wakiamini kwamba wanaikinga hita. Ukifanya hivyo hapa, joto litakwama karibu na nyuzi 49 na halitapanda tena, na sensa italaumiwa bure. Ukomo uwekwe kwenye `u`, na limbikizo lisimamishwe pale `u` inapougusa. Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe `b` mtambo ukiwa kazini bila kurekebisha `I` kwa wakati uleule, kwani kutoka 1 hadi 0.545 hesabu hushuka ghafla kwa 150 na hita huzimika.

Anayetaka kuepuka hayo yote anaweza kuacha kidhibiti kama kilivyo na kuweka kichujio mbele ya lengo. Kwa kikaushio hiki, mwendeshaji akiandika 60, kichujio humpelekea kidhibiti 55.45 papo hapo, kisha hupandisha taratibu hadi 60 kwa mwendo wa sekunde 183. Kihesabu ni kitu kilekile, mradi hita haijafika ukomo wake, na limbikizo halibebi mzigo wa ajabu. Ni njia nzuri hasa kwa kidhibiti cha kununua ambacho programu yake haifunguki, ilimradi lengo lake linaweza kutumwa kutoka nje.

Kuna mahali ambapo `b` ibaki 1. Lengo likiwa linapandishwa mfululizo, mathalani nyuzi moja kila dakika, kikaushio chetu chenye `b` ya 1 huchelewa nyuma yake kwa chini ya theluthi ya nyuzi. Kwa 0.545 huchelewa nyuzi 1.7, na kwa 0 hufika 3.3. Vivyo hivyo kidhibiti cha ndani kinachopokea lengo lake kutoka kwa kidhibiti kingine: hicho kinatakiwa kutii upesi, na yule wa nje ndiye wa kupewa uzito.