Boksi Alilofunga Mwenye Mali na Madai ya Vilivyovunjika Safarini

Nchini Marekani, kampuni inayohamisha vyombo vya nyumbani kutoka jimbo moja hadi jingine huwajibika kwa mali hiyo tangu inapoipokea hadi inapoikabidhi. Msingi wa wajibu huo ni sheria iitwayo Marekebisho ya Carmack, iliyopitishwa mwaka 1906 enzi za reli na ambayo leo inayahusu malori pia. Chini ya sheria hiyo, mwenye mali halazimiki kueleza dereva alikosea wapi, jambo ambalo hata angetaka asingeweza, kwa kuwa hakuwamo ndani ya lori. Anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba kitu kilikuwa kizima kilipochukuliwa, kwamba kilifika kimeharibika au hakikufika kabisa, na kwamba hasara ni kiasi fulani cha fedha. Akishayaonyesha hayo, kampuni ndiyo inayopaswa kujieleza. Haitoshi iseme tu kwamba iliendesha kwa uangalifu; ni lazima pia ithibitishe kwamba uharibifu ulitokana na moja ya sababu chache zinazotambuliwa na sheria, mojawapo ikiwa ni kosa la mwenye mali mwenyewe.

Hapo ndipo boksi lililofungwa na mwenye mali linapoleta utata, tena mara mbili. Kwanza, jambo la kwanza kati ya yale matatu huwa gumu kuthibitisha: kampuni ilipokea boksi lililofungwa kwa selotepu, na hakuna mfanyakazi wake aliyeona kama sahani za ndani zilikuwa nzima. Pili, ufungaji mbaya ni kosa la mwenye mali, na kwa hiyo ni kinga ya kampuni.

Karatasi inayoamua mengi ni orodha ya mizigo. Siku ya kupakia, kiongozi wa wapakiaji hubandika namba kwenye kila kitu na kuandika namba hiyo kwenye orodha pamoja na hali ya kitu: mkwaruzo, ufa, mguu uliolegea. Kwenye mstari wa boksi huandika ama CP, maana yake limefungwa na kampuni, ama PBO, maana yake limefungwa na mwenye mali. Kifaa cha umeme ambacho hakikuwashwa mbele yao huandikiwa kwamba hali yake ya kufanya kazi haijulikani. Wengi hutia saini orodha hii wakiwa wamechoka, mlango uko wazi na watoto wanataka kula. Hata hivyo ndiyo karatasi itakayosomwa miezi kadhaa baadaye, na mwenye mali ana haki ya kuandika pale pale kwamba hakubaliani na maelezo fulani. Boksi alilolifunga mfanyakazi wa kampuni lakini likaandikwa PBO ni kosa dogo la kalamu ambalo laweza kumgharimu mwenye mali fidia yote ya boksi hilo.

Herufi hizo tatu hazifuti haki ya kudai, ingawa makarani wa madai wakati mwingine huzitumia kana kwamba zinaifuta. Kinachobadilika ni ushahidi unaohitajika. Picha ya vyombo vikiwa vizima mezani siku ya kufungasha, picha ya boksi likiwa wazi kabla ya kufungwa, risiti, na maelezo ya mtu aliyefungasha, vyote vyaweza kujaza pengo lililoachwa na orodha.

Mara nyingi boksi lenyewe ndilo linaloeleza kilichotokea. Ndani ya lori maboksi hupangwa kwa safu za kusimama kutoka sakafuni hadi karibu na paa, mazito chini na mepesi juu. Boksi la chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake na hutikiswa kwa siku kadhaa. Kuta zake hustahimili mzigo huo kwa sharti kwamba ndani limejaa. Likiachwa na nafasi tupu juu, mfuniko huzama, kuta hujipinda, na kilichomo hugeuka kuwa nguzo. Ndiyo maana wafungashaji wa kazi hiyo hutumia maboksi ya vyombo yenye kuta mbili, huweka karatasi iliyofinyangwa chini na juu, hufunga kila sahani peke yake na kuzisimamisha kwa ukingo wake. Sahani iliyolazwa hupokea uzito wote katikati, mahali ilipo dhaifu zaidi. Vitabu huwekwa kwenye boksi dogo la futi za ujazo 1.5, kwa sababu boksi kubwa lililojaa vitabu hupasuka chini linaponyanyuliwa.

Mkaguzi anayetumwa na kampuni huangalia nje kabla ya ndani. Kona iliyobonyea kwa kugongwa, tundu lenye umbo la mguu wa meza, alama ya maji, au alama ya kiatu ni dalili za mambo yaliyotokea mikononi mwa kampuni, na hapo PBO haina nguvu kubwa: hakuna ufungaji wa nyumbani unaotarajiwa kuzuia mguu wa meza. Boksi likiwa safi nje na ndani kuna sahani zilizolazwa bila karatasi, hitimisho huenda upande wa pili. Kesi ngumu ni zile za katikati, ambapo boksi limebonyea lakini pia lilikuwa nusu tupu. Kwa sababu hiyo kutupa boksi na karatasi zake kabla ya ukaguzi ni kutupa ushahidi, na ndilo kosa linalofanyika zaidi, kwani kila aliyehamia nyumba mpya hutamani kuondoa takataka siku ile ile.

Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Familia yenye asili ya Kongo inahama kutoka Phoenix, Arizona, hadi Louisville, Kentucky. Meza ya kioo imefungwa na wafanyakazi wa kampuni. Vyombo, runinga na nguo vimefungwa na familia. Mzigo unapofika, kioo cha meza kina ufa; boksi la vyombo namba 41 limebonyea kona moja na sahani nane zimevunjika; runinga iko ndani ya boksi lisilo na alama yoyote, lakini haiwaki; na boksi namba 57 la nguo halionekani.

Meza haina mjadala mkubwa, kwa kuwa orodha iliandika kwamba haikuwa na ufa. Boksi namba 41 ni PBO, lakini kona yake imepondwa, familia ina picha ya sahani zikifungwa, na zilizovunjika ziko upande wa kona ile. Dai hilo lina miguu. Runinga ndiyo dhaifu: boksi ni safi, kioo hakijapasuka, na orodha inasema hali yake haikujulikana. Video fupi ya runinga ikiwaka asubuhi ya kuhama ingeimarisha sehemu ya kwanza ya dai, ingawa kampuni bado ingeweza kusema kwamba kifaa hicho hakikuwekewa kinga ya kutosha ndani ya boksi. Boksi namba 57 linashangaza wengi, kwa kuwa PBO hailisaidii kampuni hapa. Namba iliandikwa kwamba imepakiwa na haikukabidhiwa, na ufungaji mbaya hauwezi kulipoteza boksi. Ubishi unaobaki ni kuhusu kilichokuwamo na thamani yake, na orodha fupi iliyoandikwa na familia wakati wa kufungasha ndiyo inayopunguza ubishi huo.

Kiasi kitakacholipwa ni suala jingine, nalo liliamuliwa kabla lori halijafika. Kampuni hutakiwa kutoa viwango viwili vya wajibu. Cha kwanza ni ulinzi wa thamani kamili, ambapo kampuni hutengeneza kitu, huleta kingine cha aina hiyo, au hulipa fedha. Cha pili hakina malipo ya ziada, na hulipa senti 60 tu kwa kila paundi ya uzito wa kitu, yaani karibu nusu kilo. Kwa kiwango hicho, runinga ya paundi 40 iliyonunuliwa dola 700 italipwa dola 24, hata kama kosa la kampuni liko wazi. Boksi la nguo la paundi 30 lililopotea ni dola 18. Mwenye mali asiyetia saini ya kukubali kiwango hiki cha chini huhesabiwa kuwa chini ya thamani kamili. Hata hivyo thamani kamili huongeza kiasi cha malipo tu, haiondoi swali la nani alifunga boksi. Watu wengi hulipia ulinzi huo wakiamini umefunika maboksi yao wenyewe kwa kila hali, na wauzaji wachache hujisumbua kuwaeleza. Vilevile, kitu chenye thamani ya zaidi ya dola 100 kwa paundi, kama vito au vyombo vya fedha, kinapaswa kutajwa kwa maandishi kwenye hati za usafirishaji, la sivyo wajibu wa kampuni waweza kupunguzwa.

Siku ya kupokea, kila namba hukaguliwa dhidi ya orodha, na uharibifu unaoonekana huandikwa kwenye nakala ya kampuni kabla ya saini, pamoja na boksi lililobonyea hata kama halijafunguliwa. Maneno “boksi 41, kona imepondwa, halijafunguliwa” yana thamani kubwa baadaye. Kampuni hairuhusiwi kumtaka mpokeaji atie saini karatasi inayoiondolea wajibu. Kilichogunduliwa baada ya lori kuondoka bado kinaweza kudaiwa, ila kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa rahisi kwa kampuni kusema kilivunjikia ndani ya nyumba mpya.

Dai lenyewe huwa la maandishi, nalo linapaswa kutambulisha mzigo, kueleza kwamba kampuni inawajibika, na kutaja kiasi cha fedha. Barua ya malalamiko isiyotaja kiasi yaweza isihesabiwe kuwa dai. Muda ni miezi 9 tangu kukabidhiwa. Kampuni inatakiwa kukiri kupokea dai ndani ya siku 30, na ndani ya siku 120 ilipe, ikatae au itoe pendekezo. Ikishindwa kuamua kwa muda huo, inapaswa kueleza kwa maandishi dai limefikia wapi.

Dai likikataliwa kwa sababu ya PBO pekee, jibu la kwanza ni kuomba ripoti ya mkaguzi na kuuliza ni kasoro gani ya ufungaji iliyoonekana. Jibu lisiporidhisha, kila kampuni inayohamisha vyombo vya nyumbani kati ya majimbo lazima iwe na mpango wa usuluhishi. Kwa dai lisilozidi dola 10,000, mwenye mali akiomba usuluhishi, kampuni haiwezi kuukataa na uamuzi huifunga. Juu ya kiasi hicho lazima pande zote mbili zikubali. Mahakama nayo iko wazi, na kampuni haiwezi kuweka muda wa kushtaki ulio chini ya miaka 2 tangu ilipokataa dai kwa maandishi. Uhamaji ndani ya jimbo moja hufuata sheria za jimbo hilo, ambazo hutofautiana, na anayekodi lori na kuliendesha mwenyewe hana mhamishaji wa kumdai: mkataba wake wa kukodi na bima yake ndivyo vinavyoamua.